Nazi za Msambweni: Umri wa Tunda na Kalenda ya Bei

Nazi ni zao lisilo na msimu mtini, ila lina msimu sokoni. Mnazi mrefu wa kienyeji, ule uliotapakaa kuanzia Likoni hadi Lungalunga, hutoa karara jipya karibu kila mwezi, na tangu ua lichavushwe hadi nazi ikomae hupita miezi 11 hadi 12. Kwa hiyo mti mmoja, siku yoyote ya mwaka, una mashada ya umri mbalimbali: juu karibu na kilele vidaka vidogo, katikati madafu, chini nazi zinazoanza kugeuka rangi. Mkulima hawezi kusema kwamba mavuno yalimjia kwa mkupuo ikambidi auze. Hata hivyo bei ya nazi Kwale hupanda na kushuka kwa kiasi cha kumfurahisha mtu mwezi huu na kumkatisha tamaa mwezi wa tatu. Chanzo cha mabadiliko hayo kiko upande wa walaji zaidi kuliko upande wa mti.

Embe ni kinyume chake, na tofauti hiyo inaeleza mengi. Embe ngowe za Shimba Hills huiva kwa wingi wakati mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Februari au Machi, na zikishaiva hazina subira ya wiki. Mwenye maembe hujadili bei huku tunda linamharibikia mkononi, naye mnunuzi anajua. Mwenye nazi ana muda. Anaweza kuiuza ikiwa dafu, akaisubiri ikawa nazi, akaiweka kivulini wiki kadhaa, au akaivunja akaanika mbata. Kila hatua ina bei yake na hasara yake, na sehemu kubwa ya faida humwendea yule anayeamua ni lini tunda literemshwe na likiwa na umri gani. Kama uamuzi huo anao dalali, faida ni ya dalali hata kama minazi ilipandwa na babu wa mkulima.

Yanayoelezwa hapa yametokana na kumbukumbu za shamba moja la familia lililo bara ya mji wa Msambweni, upande wa pili wa barabara kuu ukitoka pwani, lenye minazi ipatayo 60 inayozaa. Mazao yake yalikuwa yakiuzwa kwa mazoea, dalali anayepita ndiye anayeuziwa, mpaka familia ilipoanza kuandika daftari: tarehe ya kuangua, idadi ya nazi, zilizokataliwa, bei, na jina la mwezi kwa kalenda mbili, ya kawaida na ya Kiislamu. Hiyo kalenda ya pili ndiyo iliyokuja kufumbua fumbo la bei.

Tuanze na umri wa tunda, kwa sababu ndio daraja la kwanza la ubora kabla hata ya ukubwa. Kidaka ni tunda changa lililotoka karibuni, na vingi hudondoka vyenyewe. Kitale ni kubwa kidogo, lina maji lakini nyama yake bado haijafanyika. Dafu hupatikana katika mwezi wa sita hadi wa nane: maji yamejaa na ni matamu, nyama ni laini ya kukwanguliwa kwa kijiko kilichochongwa kwenye ganda la dafu lenyewe. Koroma limepita dafu na halijafika nazi. Nyama imeanza kuwa ngumu, maji yamepoteza utamu, na tui lake ni jepesi. Nazi yenyewe ni ile iliyokomaa, makumbi yakikauka na kuwa ya kahawia, maji yakiwa yamepungua kiasi cha kusikika yakigonga ukiitikisa.

Soko linataka hatua mbili tu kati ya hizo: dafu na nazi. Koroma halitakiwi na mtu. Mnywaji wa dafu haliwezi, na mama anayekuna nazi kwa ajili ya wali hugundua udanganyifu mara tui linapomtoka jepesi kama maji ya mchele. Hata hivyo makoroma ndiyo yanayojaa kwenye shehena za nazi za Kwale, na sababu yake ni namna kazi ya kuangua inavyolipwa. Mkwezi hulipwa kwa mti aliopanda. Akishafika juu, njia nyepesi kwake ni kukata mashada mawili au matatu ya chini kwa pamoja, yaliyokomaa na yasiyokomaa, kisha ahamie mti mwingine. Shamba la Msambweni lilipunguza tatizo hili kwa makubaliano ya aina mbili: kuangua kila baada ya miezi miwili badala ya kungoja minne, ili mashada yaliyokomaa yawe yanajulikana wazi, na kumwongezea mkwezi kidogo kwa sharti kwamba shada la kijani lisiguswe. Nyongeza hiyo ilikuwa ndogo kuliko hasara ya makoroma, na daftari lilionyesha hivyo tangu mikupuo ya mwanzo.

Baada ya umri huja uzima wa tunda. Mnunuzi mzoefu katika soko la Kongowea haangalii gunia, anaingiza mkono ndani yake. Anachomoa nazi ya katikati, anaiweka karibu na sikio na kuitikisa, anaipima uzito kiganjani, kisha anaigeuza kutazama macho yake matatu. Mfanyabiashara mmoja wa huko alifanya hivyo mbele ya kijana wa familia hii aliyeleta nazi kwa mara ya kwanza, akatenga sita, akasema, "Mwanangu, hizi rudi nazo, na mwambie mzee nyumbani kwamba sikuzikataa kwa ubaya." Kati ya hizo sita, mbili hazikuwa na maji kabisa, kwa kuwa zilipasuka zilipoanguka kutoka juu na maji yakavuja polepole njiani. Mbili zilikuwa na jicho lenye unyevu na ukungu, dalili kwamba nyama imeanza kuoza kwa ndani. Moja ilikuwa joya, nyepesi kupita kiasi kwa ukubwa wake. Ya mwisho ilikuwa koroma.

Kila kasoro ina chanzo kinachoweza kushughulikiwa shambani. Mpasuko hutokana na kuangusha nazi kwenye ardhi ngumu au juu ya nazi nyingine. Dawa ni kuzisogeza zilizoanguka kabla ya shada linalofuata. Kuna pia makovu meusi yenye utomvu uliokauka juu ya makumbi, na nazi ndogo zilizopinda umbo. Hayo ni mashambulizi ya mdudu afyonzaye tunda likiwa changa, ajulikanaye kitaalamu kama Pseudotheraptus wayi, aliye maarufu pwani yote ya Afrika Mashariki kwa kuangusha vidaka. Adui wake mkubwa ni chungu wa majimoto, wale wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Wakwezi huwachukia kwa sababu wanauma vibaya, na mara nyingi huomba mti upigwe dawa au moto kabla ya kupandwa. Mti usio na majimoto hupandika kwa raha, lakini nazi zake nyingi hutoka na makovu na kuingia daraja la chini. Hapa suala la madaraja sokoni linaanzia mwaka mzima nyuma, juu ya mti.

Ukubwa ni kigezo cha mwisho na ndicho kinachozua ugomvi mwingi. Wauzaji wengi hupenda kuchanganya, wakitumaini kwamba nazi kubwa zitabeba ndogo. Mambo huenda kinyume: mnunuzi akiona mchanganyiko hukadiria shehena yote kwa kiwango cha zile ndogo, au huhesabu ndogo mbili kuwa moja kisha akachagua mwenyewe ipi ni ndogo. Waswahili husema nazi mbovu harabu ya nzima. Ndani ya gunia nazi iliyooza huenda isimwambukize jirani yake. Inachoharibu hasa ni bei ya gunia zima, kwa kuwa humfanya mnunuzi ajikinge dhidi ya nyingine ambazo hakuziona. Shamba lilipoanza kufunga magunia matatu tofauti, kubwa peke yake, za kati peke yake na ndogo peke yake, bei ya zile kubwa ilipanda bila nazi yenyewe kubadilika.

Kuhifadhi nazi ni kazi rahisi ukilinganisha na nafaka au matunda, ila ina masharti. Nazi iliyofuliwa, yaani iliyovuliwa makumbi kwenye kifuo, hudumu wiki kadhaa ikiwa mahali pakavu penye hewa. Ikiachiwa kishungi cha nyuzi juu ya macho hudumu zaidi, kwa kuwa macho ndiyo mlango wa unyevu na ukungu. Ndiyo maana wafuaji wazuri hawaikwangui ikawa uchi. Nazi yenye makumbi yake hudumu miezi, mradi iwe imekomaa hasa, iko kivulini, haipati mvua na imeinuliwa kutoka ardhini. Ikikosa masharti hayo huchipua. Chipukizi likianza, ndani hutokea uvimbe laini wa kama sifongo unaofyonza maji na kula nyama, na nazi hiyo haina tena thamani ila kuwa mche. Katika shamba hili banda la makuti lenye sakafu ya magogo lilitosha. Nazi zilizowekwa miezi miwili zilipungua kwa takriban moja katika kila kumi, kwa kuchipua, kuoza na kuibwa. Wizi usidharauliwe: rundo la nazi lililo nje ya macho ya mwenyewe ni mwaliko, na kwa usiku mmoja linaweza kula faida yote ya kusubiri.

Kutokana na kiwango hicho cha upungufu hupatikana kanuni ya kuamua. Ikiwa katika nazi 100 zitabaki 90, basi bei ya baadaye lazima iwe juu ya bei ya leo kwa zaidi ya asilimia 11 ndipo kusubiri kuwe na maana, bila kuhesabu taabu ya kuzitunza. Nazi ya shilingi 20 leo, ikiuzwa shilingi 22 baada ya miezi miwili, imeleta hasara. Wakulima wengi hufurahia kupanda kwa bei bila kuhesabu zilizopotea bandani.

Kuhusu madalali, daftari lilisahihisha chuki iliyokuwepo nyumbani. Mfano ufuatao una bei za makisio, zilizowekwa kuwa rahisi kuhesabu, lakini uwiano wake ndio uliojitokeza mwaka hata mwaka. Tuchukue mkupuo mmoja wa nazi 400. Dalali anayenunua mtini, yaani analeta mkwezi wake, anaangua, anafua na kubeba, atoe shilingi 12 kwa nazi. Familia inapokea shilingi 4,800 bila kunyanyua kidole. Sasa familia iamue kuuza yenyewe Kongowea. Katika nazi hizo 400, 20 ni mbovu. Kubwa ni 200 kwa shilingi 28, za kati 120 kwa shilingi 20, ndogo 60 kwa shilingi 12. Jumla ni shilingi 8,720, na hapo watu wengi husimamisha hesabu wakamwita dalali mwizi.

Hesabu inaendelea. Mkwezi kwa minazi 60, shilingi 30 kila mti, ni 1,800. Kufua nazi 380 kwa shilingi 2 ni 760. Kusafirisha magunia manne kwa shilingi 150 ni 600, wapakiaji na washushaji 120, ushuru wa kaunti na wa soko 200. Gharama yote ni shilingi 3,480, na kinachobaki ni 5,240. Zaidi ya bei ya dalali familia imepata shilingi 440, kwa kazi ya siku mbili za watu wawili, pamoja na hatari ya kukuta soko limejaa. Katika miezi ya kawaida, basi, dalali hamnyonyi mkulima mdogo wa Msambweni kiasi kinachosemwa. Anaishi kwa kukusanya nazi za mashamba mengi hadi lori lijae, hivyo gharama ya kila nazi inashuka kwake, na mkulima mwenye magunia manne hawezi kushindana naye katika hilo.

Hali hubadilika Ramadhani. Pwani nzima hufuturu kwa nazi: muhogo wa nazi, mbaazi za nazi, tambi, ndizi, samaki wa kupaka, na mahamri yanayokandwa kwa tui. Mahitaji hupanda kuanzia siku za mwisho za Shaabani, nyumba zinapojiwekea akiba. Katika mfano wetu, nazi kubwa ifike shilingi 45, ya kati 34, ndogo 20. Nazi zilezile 380 zinaleta shilingi 14,280, na ukitoa gharama zilezile hubaki 10,800. Dalali anayenunua mtini hupandisha pia, lakini kidogo, tuseme shilingi 15, yaani 6,000 kwa mkupuo mzima. Pengo limetoka 440 likawa 4,800. Gharama za kukwea na kubeba hazikupanda, ila bei ya sokoni imepanda, na nyongeza yote imebaki mikononi mwa aliyekuwa na nazi Kongowea. Hukumu iliyotolewa na daftari ni hii: auziwe dalali miezi ya kawaida kwa moyo mweupe, lakini mkupuo wa Ramadhani usiuzwe mtini kamwe.

Kuna jambo linalowazuia wengi kufanya hivyo, nalo ni mkopo. Mwezi wa Januari shule zinafunguliwa na karo inadaiwa. Dalali hutoa fedha mapema, na rehani yake ni nazi za mikupuo ijayo kwa bei iliyopangwa siku hiyo. Kwa miaka kama hii yetu, ambapo Ramadhani huangukia Februari na Machi, bei iliyofungwa Januari ni bei ya chini iliyofungwa wiki chache tu kabla ya kilele. Kuweka minazi rehani ni desturi ya zamani pwani. Mwanaanthropolojia David Parkin, katika kitabu chake cha 1972 kuhusu Wagiriama wa Kilifi, alionyesha jinsi minazi iliyowekwa rehani au kuuzwa wakati wa shida ilivyohamisha mali kutoka familia nyingi hadi mikononi mwa wachache. Siku hizi mara nyingi shina na ardhi haviwekwi rehani, ni nazi tu. Lakini riba iliyojificha ndani ya bei inaweza kuwa kubwa kuliko ya mkopeshaji yeyote, na ukitaka kuijua, linganisha bei ya rehani na bei ya Kongowea siku nazi zinapoteremshwa. Kwa mfano wetu, shilingi 12 zilizopokewa Januari zililipwa kwa nazi ambayo Ramadhani ingemwachia mwenyewe takriban shilingi 27 baada ya gharama. Kama mkopo hauepukiki, ni afadhali kukopa kwa idadi ya nazi chache zinazotajwa, na kuacha mkupuo uliobaki huru.

Soko la dafu lina kalenda nyingine kabisa. Wanywaji wa dafu wa Diani ni wageni wa hoteli na wenyeji wanaokimbia joto, na wote wawili huzidi wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, kisha wageni huongezeka tena Julai na Agosti. Kuanzia Aprili hadi Juni masika hunyesha, hoteli nyingi hupungukiwa na wageni, na mchuuzi mwenye mkokoteni wa madafu kando ya barabara ya Ukunda hukaa kutwa bila kuuza shada moja. Dafu haliwezi kuangushwa. Huteremshwa kwa kamba shada zima, kwa sababu ganda lake bado ni laini na likipata ufa maji huchacha. Halafu ni zito, kwa kuwa linasafiri na makumbi na maji yake yote, na hudumu siku chache tu. Kwa hiyo shamba la Ukunda au Gazi linaweza kulihudumia soko la Diani kila siku, lakini kwa shamba la ndani kama la Kikoneni nauli humaliza faida yake.

Dafu lina gharama nyingine isiyoonekana: kila dafu linalokatwa leo ni nazi moja isiyokuwepo miezi minne au mitano baadaye. Hapa ndipo kalenda mbili zilipokutana katika daftari. Mwaka 2018 Ramadhani ilianza katikati ya Mei. Nazi ambazo zingekomaa wakati huo zilikuwa madafu kuanzia Desemba hadi Januari, yaani kilele cha wageni Diani. Familia iliuza madafu mengi krismasi, ikakuta minazi imebaki na nazi chache bei ilipopanda. Haikuwa hasara moja kwa moja, kwa kuwa madafu yalikuwa yamelipa vizuri, lakini hakuna aliyekuwa amefanya ulinganisho kabla ya kukata. Mwaka 2026 mambo ni mepesi zaidi. Ramadhani inaanza takriban Februari 18, na nazi zake zilikuwa madafu mwezi Septemba na Oktoba 2025, wakati wageni si wengi. Madafu ya Desemba yangekuwa nazi Aprili na Mei, baada ya Idi. Katika mwaka wa namna hiyo soko moja halilinyang'anyi lingine, na mkulima anaweza kuyatumikia yote mawili.

Mwaka 2020 ulileta jaribio ambalo hakuna aliyelitaka. Hoteli za Diani zilifungwa kwa sababu ya korona na soko la dafu likasimama karibu kwa siku moja. Aliyekuwa na maembe au mboga za hoteli aliziona zikioza. Mwenye minazi aliyekuwa ametenga madafu kwa ajili ya wageni aliyaacha mtini, yakapita ukoroma, yakawa nazi. Bei ilikuwa ndogo, lakini haikuwa sifuri. Uwezo huu wa tunda kuhama kutoka soko moja hadi lingine bila kushuka mtini ndio ulinzi mkubwa wa mkulima wa nazi, na yeyote anayekata madafu yake yote kwa mkataba wa hoteli moja ameuacha.

Ulinzi wa chini kabisa ni mbata. Nazi ndogo na zenye makovu, ambazo Kongowea hazina heshima, huvunjwa na kuanikwa juani siku tano hadi saba mpaka unyevu ushuke kutoka karibu nusu ya uzito hadi asilimia 6 hivi. Mbata iliyokauka ni nyeupe, huvunjika kwa mlio ikikunjwa. Iliyo mbichi hupinda na huota ukungu. Ukungu wa manjano au kijani uogopwe, kwa kuwa unaweza kuwa na sumukuvu. Huhitajika nazi tano au sita kupata kilo moja, na bei yake hufuata soko la mafuta ya dunia, hasa ya mawese, ambalo mtu wa Msambweni hana sauti nalo. Wakati wa masika kazi hii haiwezekani bila kikaushio, hivyo mbata si kimbilio la mwaka mzima.

Yapo mambo mawili ambayo daftari haliwezi kuyadhibiti, na ni vyema msomaji ayafahamu kabla ya kujiwekea matumaini. La kwanza ni ukame. Mnazi huanza kuumba maua yake zaidi ya miaka miwili kabla ya nazi kukomaa, kwa hiyo mvua zikikosekana mavuno huendelea kupungua mwaka hata miwili baada ya mvua kurudi, na mkulima huona nyasi za kijani huku minazi yake haina kitu. La pili ni mpaka. Bei ikipanda sana Mombasa, malori ya nazi huvuka kutoka Tanzania kupitia Lungalunga, na kilele hukatwa. Ndiyo sababu kungoja hadi wiki ya tatu ya Ramadhani, kwa kudhani bei itazidi kupanda, kuliwahi kuliletea shamba hili bei ndogo kuliko ya juma la kwanza.

Ukusanyaji ndio pengo lililobaki. Serikali iliunda Mamlaka ya Ustawishaji wa Minazi mwaka 2007, na baada ya sheria za kilimo za 2013 majukumu yake yakaingizwa katika Mamlaka ya Kilimo na Chakula. Lakini kujaza lori moja la nazi zilizochambuliwa ni kazi ya majirani. Mashamba sita yenye minazi 60 kila moja hutoa nazi 2,400 kwa mkupuo, na zikichambuliwa kwa kipimo kimoja, kubwa pamoja na ndogo pamoja, hupata mnunuzi wa simu kabla hazijaondoka Msambweni. Kinachovunja vikundi vya namna hii ni ugomvi wa nazi ya nani ilikataliwa. Alama ya rangi kwenye kila gunia, kwa jina la shamba, humaliza ugomvi huo kwa gharama ya kopo moja la rangi.

Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, siku za mwanzo za Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Nazi za Ramadhani ya kwanza zitakuwa madafu Agosti 2029, na za pili Agosti 2030, wageni wakiwa wengi Diani mara zote mbili. Mwenye minazi kati ya Ukunda na Lungalunga aifanye hesabu yake ya dafu na nazi kabla ya Julai ya kila mmoja wa miaka hiyo, na asipokee fedha za rehani kwa mikupuo ya Desemba.